VXLAN kwenye kituo cha data chenye rauta: multikasti, orodha ya mkono, au EVPN?

Ukishaamua kupitisha trafiki ya mashine pepe ndani ya mahandaki ya VXLAN, uamuzi mgumu bado uko mbele yako. Watu wengi hubishana kuhusu umbo la pakiti, VXLAN au Geneve, wakati ukweli ni kwamba kwa vituo vingi vya ukubwa wa kawaida umbo hilo halibadilishi maisha ya msimamizi. Kinachoyabadilisha ni swali moja: seva itajuaje kwamba mashine pepe fulani iko nyuma ya seva ipi? Kuna njia tatu za kulijibu, na nimewahi kuzitumia zote. Hapa nazilinganisha kwa kufuata mashine pepe mbili tu, kuanzia zinapotafutana mpaka moja inapohamishwa.

Tuchukue kituo kidogo chenye raki tatu. Kila raki ina seva mbili za KVM, na kila raki ina mtandao wake wa IP, kwa hiyo kutoka raki moja kwenda nyingine lazima upite kwenye rauta. Hakuna VLAN inayonyooshwa kati ya raki. Kila seva ina anwani moja ya kudumu kwenye `lo`, kuanzia 10.0.0.11 kwa seva1 hadi 10.0.0.16 kwa seva6, na anwani hizo zinatangazwa kwa OSPF. Huo ndio mtandao wa chini, na kazi yake ni moja tu: kufikisha pakiti za IP kutoka seva hadi seva.

Juu yake tuna mashine pepe mbili zinazoamini kwamba zimechomekwa kwenye swichi moja. `duka` ina 192.168.50.10 na iko kwenye seva1, raki ya kwanza. `hazina`, ambayo ni hifadhidata, ina 192.168.50.20 na iko kwenye seva3, raki ya pili. Mtandao wao tumeupa namba 10050. Namba hiyo, VNI, ina biti 24, kwa hiyo unaweza kuwa na mitandao zaidi ya milioni 16, tofauti na VLAN ambazo zinaishia 4094.

`duka` inapotaka kuongea na `hazina` kwa mara ya kwanza, inapaza sauti kwa ARP: nani ana 192.168.50.20? Hiyo ni brodikasti, na rauta hazipitishi brodikasti. Seva1 imeshika fremu hii mkononi, inajua kuifunga ndani ya pakiti ya UDP yenye bandari 4789, ila haijui iitume kwa nani. Hapo ndipo njia tatu zinapoachana.

## Multikasti

Hii ndiyo njia iliyoelezwa kwenye RFC 7348, hati ya VXLAN yenyewe ya Agosti 2014. Kila VNI inapewa anwani ya kundi la multikasti. Seva yoyote yenye mashine pepe za VNI hiyo inajiunga na kundi, na brodikasti inatumwa mara moja tu kwa kundi zima. Mtandao wa chini ndio unaozidisha nakala kule njia zinapogawanyika.

```
ip link add vx50 type vxlan id 10050 local 10.0.0.11 \
  group 239.1.50.1 dev eno1 ttl 16 dstport 4789
```

Amri moja kwa kila seva, na seva mpya ikija hakuna nyingine inayoguswa. Huo uzuri ni wa kweli. Bei yake iko kwenye swichi: kila rauta kati ya raki lazima iendeshe PIM, itifaki ya kupitisha multikasti kati ya rauta, lazima kuwe na sehemu ya kukutania ambayo makundi yanaijua, na siku mambo yakiharibika lazima awepo mtu anayeweza kusoma jedwali la multikasti. Mtu huyo ni adimu. Nimekaa na timu nzuri za mtandao ambazo zilishughulikia BGP bila shida, lakini PIM ilipowashinda hapakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Angalia pia `ttl 16` kwenye amri ile. Usipoiandika, kerneli ya Linux inatuma pakiti za kundi zikiwa na TTL ya 1, na rauta ya kwanza kabisa inazitupa. Dalili yake ni ya kupotosha: mashine pepe zilizo kwenye raki moja zinaongea vizuri, za raki tofauti haziongei kabisa, na wewe unaanza kuilaumu PIM kumbe pakiti hazikufika hata kwenye hatua ya pili. Halafu kuna `dev eno1`. Seva yenye nyaya mbili kwenda swichi mbili, kila waya ukiwa na njia yake ya IP, inaishia kujiunga na kundi kupitia waya mmoja tu. Waya huo ukikatika, unikasti itapita kwenye waya wa pili kama kawaida, ila brodikasti zitakuwa zimekufa.

Kwa maoni yangu multikasti inafaa mahali pamoja: kule ambako PIM tayari inaendeshwa kwa sababu nyingine, tuseme usambazaji wa video, na wapo watu wanaoielewa. Kuiwasha kwa ajili ya VXLAN peke yake ni kujitwisha mzigo usiokuwa na faida inayolingana nao.

## Orodha ya mkono

Njia ya pili inaachana na makundi. Kila seva inapewa orodha ya seva nyingine zote, na brodikasti ikitokea, seva inatengeneza nakala moja kwa kila jina lililo kwenye orodha na kuzituma kama pakiti za kawaida za unikasti. Kwenye Linux, orodha hiyo ni maingizo ya anwani ya MAC yenye sifuri tupu:

```
ip link add vx50 type vxlan id 10050 local 10.0.0.11 dstport 4789
bridge fdb append 00:00:00:00:00:00 dev vx50 dst 10.0.0.12
bridge fdb append 00:00:00:00:00:00 dev vx50 dst 10.0.0.13
```

na kuendelea hadi 10.0.0.16. Ukitumia Proxmox, eneo la aina ya VXLAN kwenye sehemu ya SDN linafanya hivi hivi: unaandika anwani za wenzake, lenyewe linaandika maingizo. Usiache kuandika `dstport 4789`. VXLAN iliingia kwenye kerneli mwaka 2012 kabla bandari rasmi haijatolewa, kwa hiyo chaguo-msingi la Linux limebaki 8472, na swichi au ukuta wa moto unaotarajia 4789 hautaelewana nayo.

Tufuatilie ARP ya `duka`. Seva1 inatoa nakala tano. Nakala iliyofika seva3 inafunguliwa, `hazina` inaisikia. Wakati huohuo seva3 inajifunza jambo: MAC ya `duka` imetoka 10.0.0.11. `hazina` inajibu kwa unikasti moja kwa moja, na seva1 nayo inajifunza kwamba MAC ya `hazina` iko 10.0.0.13. Kuanzia hapo hakuna nakala tena. Ingizo likikaa bila kutumika sekunde 300, linafutwa.

Watu huogopa nakala. Wanasema: nikiwa na seva 40, kila brodikasti inakuwa pakiti 39. Ni kweli, lakini fanya hesabu. Fremu ya ARP ikishafungwa ni kama baiti 110. Seva ikitoa ARP 100 kwa sekunde, ambazo ni nyingi, zinakuwa pakiti 3,900, yaani kama megabiti 3.4 kwa sekunde. Kwenye waya wa gigabiti 25 hutaiona. Nakala zinauma pale mashine pepe yenyewe inapotuma multikasti nzito. Mkondo wa video wa megabiti 20 unageuka 780 ukizidishwa mara 39, na kila seva inalazimika kupokea wa kwake hata kama hakuna anayeutaka. Kama huna kazi ya aina hiyo, nakala zisikunyime usingizi.

Kinachoumiza ni orodha yenyewe, maana inatunzwa na binadamu. Mahali nilipokuwa nafanya kazi zamani tuliongeza seva ya saba, na anwani yake ikaandikwa kwenye seva tano kati ya sita. Seva4 ilisahaulika, siku ile ilikuwa kwenye matengenezo, amri haikuifikia. Hakuna kengele iliyolia. Seva7 ilipigiwa ping, ikajibu. Mashine pepe zikahamishiwa, zikafanya kazi.

Wiki moja baadaye nakala rudufu za usiku zikaanza kushindwa. Mashine ya nakala rudufu ilikuwa seva4, na ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda kwa hifadhidata iliyokuwa seva7. Asubuhi mwenzangu ananiambia, "Kaka, mbona mimi naiona?" Kweli, aliingia kwenye hifadhidata, akaipigia ping mashine ya nakala rudufu, majibu yakaja. Nikajaribu kutoka upande wangu, na mimi ikanijibu. Tukairudisha kazi ya nakala rudufu, ikakamilika. Usiku uliofuata ikashindwa tena.

Tulipoteza siku mbili kabla ya kuona tulichokuwa tunakifanya wenyewe. Mashine ya seva4 ikiuliza kwa ARP, swali halifiki seva7 kwa sababu seva7 haimo kwenye orodha ya seva4. Lakini mashine ya seva7 ikiuliza, swali linafika seva4, maana orodha ya seva7 ilikuwa kamili. Na lilipofika, seva4 ikajifunza MAC ya hifadhidata iko 10.0.0.17. Kila tulipopiga ping kutoka upande wa pili tulikuwa tunaponya tatizo kwa muda, kisha zikipita dakika tano za kimya ingizo linafutwa na ugonjwa unarudi. Kwa hiyo ukikuta muunganisho unaoshindwa kutoka upande mmoja, unaopona ukipiga ping kutoka upande mwingine, na unaorudi kufa baada ya kimya, usihangaike na ukuta wa moto. Hesabu orodha.

## EVPN

Njia ya tatu inaondoa binadamu kwenye orodha. Kila seva inaendesha BGP, na kwa BGP hiyo inawatangazia wenzake mambo mawili. La kwanza: mimi 10.0.0.11 nina VNI 10050, nitumieni brodikasti zake. Hilo ni tangazo la aina ya 3. La pili: MAC hii hapa iko kwangu. Hilo ni la aina ya 2. Mpango wenyewe ulitolewa mwaka 2015 kwenye RFC 7432, na namna ya kuutumia na VXLAN ikaelezwa mwaka 2018 kwenye RFC 8365.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba pakiti hazijabadilika. Seva1 bado inatengeneza nakala tano za kila brodikasti, bado inafunga kwa VXLAN ileile. Ukitazama `bridge fdb show dev vx50` utakuta maingizo yaleyale ya sifuri, ila safari hii yameandikwa na FRR, programu inayoendesha BGP kwenye seva, badala yako, na maingizo ya MAC yana alama ya `extern_learn`. Unachonunua ni mwandishi wa orodha asiyesahau.

Kwa kituo kama hiki napenda kuweka mashine mbili ndogo za viakisi njia, yaani mashine za BGP zinazopokea tangazo kutoka kwa seva moja na kulirudisha kwa nyingine zote. Tuzipe 10.0.0.1 na 10.0.0.2, raki tofauti. Seva zote na viakisi viko AS moja, 65000, na swichi hazihitaji kujua chochote kuhusu EVPN. Zinapitisha IP tu. Kwenye kila seva, `br50` ikiwa bridge ambamo mashine pepe zimechomekwa:

```
ip link add vx50 type vxlan id 10050 local 10.0.0.11 dstport 4789 nolearning
ip link set vx50 master br50
bridge link set dev vx50 learning off
ip link set vx50 up
```

Na kwenye FRR:

```
router bgp 65000
 neighbor 10.0.0.1 remote-as 65000
 neighbor 10.0.0.1 update-source lo
 neighbor 10.0.0.2 remote-as 65000
 neighbor 10.0.0.2 update-source lo
 address-family l2vpn evpn
  neighbor 10.0.0.1 activate
  neighbor 10.0.0.2 activate
  advertise-all-vni
```

Seva ya saba ikija, inaandikwa kwenye viakisi viwili tu, au isiandikwe popote kama umeviruhusu kupokea jirani yeyote kutoka kwenye fungu fulani la anwani. Kosa letu la seva4 lisingewezekana.

Kama utapenda kutumia BGP ya nje badala yake, swichi za katikati zikiwa na AS zao, angalia jambo moja. Baadhi ya swichi zitaandika anwani zao kama kituo kinachofuata pale zinapopitisha matangazo ya EVPN. Seva1 itaona `hazina` iko kwa swichi badala ya 10.0.0.13, itatuma handaki kwenye swichi isiyojua VNI hiyo, na kila kitu kitaonekana sawa kwenye BGP huku pakiti zikipotea. Tazama kituo kinachofuata kwenye `show bgp l2vpn evpn route`. Lazima kiwe anwani ya seva.

## Siku `hazina` inapohama

Hapa ndipo tofauti inapoonekana wazi kuliko kwingine. Tuseme seva3 inahitaji kubadilishiwa kumbukumbu, kwa hiyo tunaihamisha `hazina` kwenda seva5 bila kuizima. QEMU ikimaliza kuhamisha, inatuma fremu chache za RARP kwa brodikasti kwa niaba ya mashine, kuutangazia mtandao kwamba MAC hii sasa iko hapa.

Kwa multikasti na kwa orodha, ujumbe huo lazima uifikie kila seva. Seva1 ikiupata, inabadilisha ingizo lake kutoka 10.0.0.13 kwenda 10.0.0.15 papo hapo, na `duka` haioni lolote. Lakini ni pakiti za UDP, hakuna anayethibitisha kwamba zimefika. Kama orodha ya seva5 ina pengo, seva1 haitasikia chochote na itaendelea kutuma seva3, ambako hakuna mtu. `hazina` ingeweza kuisahihisha kwa kutuma chochote kwa `duka`, ila hifadhidata husubiri kuulizwa, na maswali hayafiki. Hali hiyo itaendelea mpaka kerneli ya `duka` ikate tamaa na ARP yake ya zamani na kuuliza upya kwa brodikasti. Kwa kawaida hiyo ni kama nusu dakika hadi dakika moja, muda wa kutosha kwa malipo ya wateja kukwama.

Kwa EVPN, fremu ile ya RARP inatakiwa kusafiri hatua moja tu: kutoka `hazina` hadi bridge ya seva5 yenyewe. Seva5 ikishaiona, inatangaza aina ya 2 yenye namba ya uhamaji iliyoongezwa kwa moja. Seva3 inapoona tangazo lenye namba kubwa kuliko lake, inaondoa la kwake. Na kwa kuwa BGP inasafiri juu ya TCP, tangazo likipotea linatumwa tena. Ukitazama `show bgp l2vpn evpn route` utaliona likiwa na `MM:1`. Mashine ikihama mara ya pili, inakuwa `MM:2`.

Namba hiyo ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mtu akinakili mashine pepe na kusahau kubadilisha MAC, zinakuwa mbili zenye MAC moja kwenye seva mbili. Kwenye njia za kujifunza, ingizo linaruka huku na huku kimyakimya, na unachokiona ni muunganisho unaokatikakatika bila mpangilio. Kwenye EVPN namba ya uhamaji inapanda haraka, na MAC ikihama mara 5 ndani ya sekunde 180 FRR inaandika onyo. `show evpn mac vni 10050 duplicate` inakutajia mhusika.

| | Multikasti | Orodha ya mkono | EVPN |
|---|---|---|---|
| Unachoongeza kwenye swichi | PIM kote | hakuna | hakuna, kwa viakisi njia |
| Seva mpya inagusa | yenyewe tu | seva zote | viakisi viwili |
| Habari ya kuhama inasafiri kwa | UDP, kwa kundi | UDP, nakala kwa kila mmoja | TCP, kupitia BGP |
| Ukivurugikiwa unasoma | jedwali la PIM | `bridge fdb` | `bridge fdb` na BGP |

## Bei ya EVPN

Sitaki uondoke ukidhani EVPN ni bure. Orodha ya mkono haina kitu cha katikati kinachoweza kufa. Ikiwa rauta zinapitisha IP, mahandaki yanafanya kazi, basi. EVPN inaongeza tegemeo: viakisi vyote viwili vikizimika, kwa mipangilio ya kawaida ya FRR sekunde 180 baadaye seva zinafunga vikao vya BGP na kufuta kila kitu zilichojifunza kwa wenzake. Mtandao wa chini ni mzima, nyaya ni nzima, na mashine pepe haziongei. Ndiyo maana viakisi havikai raki moja, havikai kwenye umeme mmoja, na kamwe havikai kama mashine pepe juu ya VNI ileile vinayoihudumia. Hilo la mwisho nimeliona kwa macho yangu: umeme ulirudi, seva zikawaka, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Bei ya pili ni watu. Anayeshika zamu usiku anapaswa kuweza kusoma kikao cha BGP kilichokwama na kujua kama tatizo liko kwenye BGP au kwenye bridge. Hilo linajifunzika kwa wiki chache, tofauti na PIM, lakini lazima lifundishwe kabla ya usiku huo kufika.

## Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Mambo mawili hayakwepeki ukichagua lolote. La kwanza ni ukubwa wa pakiti. Mashine pepe inayotuma pakiti ya baiti 1500 inaongezewa heda yake ya Etherneti 14, VXLAN 8, UDP 8 na IP 20. Mtandao wa chini unatakiwa kupitisha 1550. Ukiwa bado na 1500, ping ndogo zitapita, TCP itapeana mikono vizuri, halafu SSH itaganda wakati wa kubadilishana funguo, na kurasa za HTTPS zitazunguka tu. Pima kutoka seva hadi seva, kupitia kila njia:

```
ping -M do -s 1522 10.0.0.13
```

1522 pamoja na heda za ping 28 ni 1550. Isipopita, usiendelee na kitu kingine. Mimi huweka 9000 kwenye mtandao wa chini mzima na kuziacha mashine pepe na 1500 zao. Kama swichi si zako na huwezi kuzigusa, shusha mashine pepe hadi 1450.

La pili ni usalama. VXLAN haifichi data wala haimuulizi mtu kitambulisho. Yeyote anayeweza kutuma UDP kwenye bandari 4789 ya seva yako anaweza kupenyeza fremu ndani ya mtandao wa mashine pepe. Kwenye njia za kujifunza anaweza hata kuidanganya seva kuhusu mahali MAC ilipo. Kwenye EVPN yenye `nolearning` udanganyifu huo wa pili haumsaidii, lakini fremu bado inaingia. Kwa hiyo zuia bandari hiyo kwa anwani zote isipokuwa za seva zenyewe, kwenye kila seva.

## Ningechagua nini

Kwa seva sita zile, zikiwa na msimamizi mmoja au wawili na mashine pepe zinazohama mara chache kwa mwezi, ningechagua orodha. Ila isiwe ya mkono kweli: iandikwe na Ansible kutoka kwenye faili moja lenye anwani zote, na iandikwe upya kwa seva zote kila inapobadilika, hata ile iliyokuwa kwenye matengenezo. Zikifika kama kumi na mbili, au mashine pepe zikianza kuhama kila siku, au VNI zikiwa nyingi na si kila seva inazihitaji zote, ningehamia EVPN yenye viakisi njia viwili. Hapo orodha zinakuwa VNI mara seva, na hakuna faili litakalobaki sahihi kwa muda mrefu. Kama ningekuta kituo kinaanzishwa leo kwa seva ishirini, ningeanza na EVPN moja kwa moja, maana kuhama katikati kunataka usiku mzima wa kuzima mashine za wateja.

Na kwa atakayebaki na orodha, weka amri hii kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji, kwa kila seva na kila VNI:

```
bridge fdb show dev vx50 | grep -c '^00:00:00:00:00:00'
```

Kwa seva sita jibu ni 5 kila mahali. Siku tuliyoipima kwa mara ya kwanza, baada ya siku mbili za kupiga ping huku na huku, seva zote saba zilitoa 6 isipokuwa seva4 iliyotoa 5.